Kitufe cha Tuma kimekaa kimya: tafuta boksi ambalo halionekani

(Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi mbele ya wenzangu wa steshenari na vijana wachache wanaojifunza kukodi, yaani kuandika kodi za kompyuta. Waliokosa waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile nilivyoongea, na pale nilipokuwa naonyesha kwenye projekta nimeweka kodi yenyewe.)

Habari za mchana wadau. Jamani kaeni mbele huku, hizo siti za nyuma ziacheni kwa wanaochelewa.

Wengi hapa mnanifahamu tangu nikiwa na steshenari pale Morogoro, kabla sijaanza kutengeneza websaiti, kwa hiyo sitawaambia kitu ambacho sijakikalia mwenyewe kwenye kiti cha plastiki huku foleni ya watu imesimama nyuma yangu. Leo naongelea kitu kimoja tu, kile kitufe cha Tuma, Submit, Wasilisha, kila mtu anakiita anavyojua. Mteja amejaza fomu kurasa nzima, umemuingizia matokeo yake ya fomu foo, umepakia picha, unabonyeza, halafu hakuna kitu. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kuzunguka, ukurasa umekuangalia tu kama umemdai. Au hata kubonyeza hakubonyezeki, kimefifia, kina rangi ya majivu, na wewe huoni umekosea wapi.

Na sote tunajua tunachosema muda huo. Tunasema mtandao uko chini. Mimi nimesema hivyo mara nyingi tu, nimemwambia mtu rudi kesho asubuhi mtandao ukiwa umetulia, na kesho yake ikagoma vile vile, kwa sababu mtandao haukuwa na kosa lolote. Mtandao ukiwa na shida kwa kawaida utaona, brauza itazunguka, mwisho itakupa ukurasa wa kusema haijafika. Ila ukibonyeza na hata ile duara ya juu kwenye tabu haijazunguka hata nusu sekunde, mara nyingi maana yake brauza yenyewe haijatuma kitu, imekataa humo humo ndani ya kompyuta yako. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kushika. Tatizo liko kwenye ukurasa, haliko kwenye bando.

Sasa niwape kisa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya chuo kimoja, sikitaji, hakihusiki sana kwenye somo hili. Jioni kabisa anaingia binti na mama yake, binti anaomba diploma. Tukajaza. Kila boksi, nilihakikisha mwenyewe, maana hapo nilishakuwa mzoefu. Nikabonyeza Tuma Maombi, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikarifreshi, tukajaza upya, kimya. Mama ananiangalia, "Mwanangu, ada ya fomu tumeshalipa, itakuwaje?" na mimi sina jibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba saa moja kabla yake kijana mwingine aliomba chuo hicho hicho, kwenye kompyuta hiyo hiyo, ikakubali bila shida. Sasa ungenishawishi vipi kwamba fomu ni mbovu? Mimi niliamini binti ana tatizo, labda namba yake ya mtihani, labda jina halilingani, nikaanza kumhoji maskini wa watu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza kukodi kidogokidogo, nikakumbuka kubonyeza F12. Kwa wale wa Chrome kwenye Windows unaweza pia kubonyeza Ctrl+Shift+J, inakufikisha moja kwa moja sehemu inaitwa Console. Ni kama dirisha la nyuma la ukurasa, brauza huwa inalalamikia hapo vitu ambavyo mtumiaji wa kawaida haambiwi. Nikabonyeza Tuma tena huku nikitazama pale, na kila nikibonyeza ilikuwa inaongezeka hii:

```
An invalid form control with name='namba_pasi' is not focusable.
```

Namba ya pasi! Binti wa Kilosa huyo, pasi ya kusafiria ataitoa wapi, na kwenye ukurasa hakuna sehemu yoyote imeandikwa pasi. Nimepanda juu nimeshuka chini, hakuna.

Haya, tulieni hapa maana ndipo penyewe. Ile fomu ilikuwa na swali la uraia, na jibu lilikuwa limeshachaguliwa tayari, Mtanzania. Ukichagua Si Mtanzania ndipo linatokea boksi la kujaza namba ya pasi. Kwa Mtanzania boksi lile linafichwa. Nimeifupisha kodi yenyewe, iko hivi:

```html
<select id="uraia" name="uraia">
  <option value="TZ" selected>Mtanzania</option>
  <option value="NJE">Si Mtanzania</option>
</select>

<div id="boksi" style="display:none">
  <input id="pasi" name="namba_pasi" required>
</div>
```

Angalieni hilo neno `required`. Linaiambia brauza kwamba hapa ni lazima pajazwe, usiruhusu fomu iondoke hapa pakiwa wazi. Na `display:none` inasema usionyeshe. Sasa watu wengi, na hata madevelopa wakubwa tu, wanadhani kitu kikifichwa basi na sharti lake limefichwa nacho. Hapana. Kuficha ni mambo ya macho tu. Brauza inapokagua fomu haiangalii kinachoonekana, inaangalia kilichomo, na boksi la pasi limo, liko wazi, na lina lazima. Kwa hiyo inazuia.

Kawaida ikizuia inakuonyesha, si ndiyo? Inakurudisha kwenye boksi lenye shida, inaweka kale kamaelezo kadogo kanaelea, jaza hapa. Ila ili ikurudishe kwenye boksi ni lazima boksi liwe linafikika, kile kimstari cha kuandikia kiweze kuingia ndani. Boksi lililofichwa halifikiki, kale kamaelezo hakana pa kushikilia, basi brauza inaandika lalamiko lake kule Console na kunyamaza. Fomu haijaenda, na wewe hujaambiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kama umeacha boksi lingine linaloonekana, tuseme umesahau tarehe ya kuzaliwa, brauza itakuonyesha lile kwanza, kwa hiyo utaona ujumbe, utajaza, utabonyeza, utaona ujumbe mwingine, utajaza. Siku umemaliza kila kinachoonekana ndipo panabaki kile kisichoonekana peke yake, na ndipo pananyamaza. Yaani aliyejaza vibaya anaongeleshwa, aliyejaza vyote ndiye anayekaziwa. Ndiyo maana mteja anakuapia, "Kaka nimejaza kila kitu," na anasema kweli kabisa.

Turudi kwa yule kijana wa saa moja kabla. Kwa nini yeye ilikubali? Jibu liko kwenye skripti yao, na kwa kweli nilipoiona nilicheka japo mama wa watu amesimama pale:

```js
uraia.addEventListener('change', function () {
  const nje = uraia.value === 'NJE';
  boksi.style.display = nje ? 'block' : 'none';
  pasi.required = nje;
});
```

Mmeona? Aliyeandika hakuwa mjinga. Aliwaza kwamba Mtanzania asilazimishwe pasi, akaandika kabisa mstari wa kuondoa lazima. Ila mstari ule unafanya kazi pale tu uraia *unapobadilishwa*. Neno `change` ndilo hilo. Yule binti alikuta Mtanzania imeshachaguliwa, akaiacha, kwa nini aiguse wakati ni jibu lake? Hivyo hakuna kilichobadilika, skripti haikuamka, na lazima ikabaki palepale ilipokuwa tangu ukurasa unafunguka. Yule kijana yeye, nikakumbuka vizuri, alikuwa anachezea mausi, akateleza akachagua Si Mtanzania, akarudisha. Kule kuteleza ndiko kulikomuokoa. Aliporudisha Mtanzania skripti iliamka na kuondoa lazima, fomu ikaenda.

Kwa hiyo nikamwambia binti, hebu chagua Si Mtanzania. Boksi la pasi likatokea, mama akashtuka, "Tena unamfanya mgeni?" Nikamwambia tulia mama. Rudisha Mtanzania. Boksi likapotea. Bonyeza Tuma. Ikaenda, namba ya maombi ikatoka, tukaprinti.

Huo mchezo ushikeni, wenzangu wa steshenari, maana hauhitaji kujua kodi hata kidogo. Fomu ikinyamaza na una uhakika umejaza, tafuta kila swali ambalo ulikuta lina jibu tayari na hukuligusa, hasa yale ambayo jibu lake linafungua au kufunga sehemu nyingine: uraia, ndoa, ulemavu ndiyo au hapana, una mdhamini ndiyo au hapana, umesoma nje ya nchi. Badilisha jibu liwe lingine kabisa halafu rudisha. Kulibofya tu na kuchagua lile lile haisaidii, maana kwa brauza hakuna kilichobadilika. Na ukishamaliza pitia tena, kuna fomu nyingine ukibadilisha mkoa zinafuta wilaya na kata, utatuma ikiwa na mapengo.

Kisa cha pasi si cha peke yake, kina ndugu zake. Ndugu anayesumbua zaidi ni picha. Kile kitufe cha kawaida cha kuchagua faili kina sura mbaya, basi madizaina wanakificha na kuweka kitufe kizuri kimeandikwa Pakia Picha. Chini yake lile boksi halisi la faili lina `required` na limefichwa. Kama picha haijaingia, ndiyo kimya kile kile. Na picha inaweza isiingie bila wewe kujua, kwa mfano umechagua picha ya simu, nzito, skripti inakagua ukubwa, inaiona imezidi, inaitupa, halafu aliyeandika akasahau kukuambia. Wewe unajua umepakia, fomu inajua haina picha. Angalia kama jina la faili linaonekana. Kama halipo, ipunguze picha upakie tena.

Ndugu mwingine ni zile fomu za hatua kwa hatua, hatua ya 1, ya 2, ya 3. Zote mara nyingi ni fomu moja tu, ukiwa hatua ya 3 zile mbili za mwanzo zimefichwa. Ukiacha kitu hatua ya 1 na kitufe cha Endelea hakikukagua, utakuja kukwama hatua ya mwisho na boksi lenye shida liko nyuma, limefichwa, halifikiki. Rudi nyuma hatua moja moja, usianze kujaza upya.

Kwa mwenye kompyuta na ujasiri kidogo, kuna mstari mmoja wa kuandika kule Console unakuonyesha maboksi yote yanayozuia, yanayoonekana na yasiyoonekana:

```js
document.querySelectorAll('input:invalid, select:invalid, textarea:invalid')
```

Itakuletea orodha, ukipitisha mausi juu ya kila moja brauza inakuwekea rangi pale lilipo kwenye ukurasa. Lile ambalo ukipitisha mausi hakuna kinachowaka rangi, ndilo limefichwa, soma jina lake kwenye `name`. Ukijaribu kupesti na Chrome ikakataa ikikupa onyo, inataka uandike kwanza `allow pasting`. Onyo lile lina maana, msije mkapesti humo kila kitu mnachotumiwa kwenye WhatsApp, kuna watu wameibiwa akaunti kwa njia hiyo. Huu wa kwangu unasoma tu, haubadilishi kitu.

Mpaka hapo nimeongelea kitufe kinachobonyezeka ila hakifanyi kitu. Sasa kile kilichofifia. Hiki ni kitu kingine, msivichanganye. Kitufe kilichofifia kina neno `disabled` kwenye kodi yake, na kikiwa nalo hata ubonyeze mara mia brauza haihesabu kama umebonyeza. Kipo hivyo kwa makusudi, aliyetengeneza amesema kianze kimefungwa, skripti ikiridhika ikifungue. Kwa hiyo swali linakuwa, skripti inasubiri nini, au je, skripti iko hai?

Kusubiri kwanza. Chukua namba ya NIDA, ina tarakimu 20. Kwenye kitambulisho imeandikwa na vistari katikati, nane, kisha tano, kisha tano, kisha mbili. Mteja ana namba yake kwenye meseji ikiwa na vistari, anaikopi, anaipesti. Ukihesabu na vile vistari 3 zimekuwa herufi 23. Kama skripti inasubiri 20 kamili, kitufe hakifunguki. Na kuna fomu mbaya zaidi, boksi limewekewa mwisho herufi 20, ukipesti inakata zile tatu za mwisho kimyakimya, ukiangalia haraka unaona namba imejaa kumbe haijaisha. Dawa ni kuiandika kwa mkono, tarakimu tupu. Nafasi tupu mwishoni nayo ina shida hiyo hiyo, ukikopi kutoka kwenye meseji mara nyingi inakuja na nafasi moja nyuma ambayo huioni.

Halafu kuna skripti zinazosikiliza kibodi tu. Aliyeandika ametumia `keyup`, yaani kagua kila kidole kinapoachia batani ya kibodi. Sasa ukipesti kwa mausi, au brauza ikakujazia yenyewe jina na barua pepe ulizozihifadhi, hakuna kidole kilichogusa kibodi, skripti haijui kama boksi limejaa. Unaona vyote vimejaa, kitufe kimefifia. Ingia kwenye boksi lile, andika nafasi moja, ifute. Mara nyingi kitufe kinafunguka hapo hapo. Vijana mnaokodi, tumieni `input` badala ya `keyup`, inashika kuandika, kupesti na kujaziwa.

Na kama skripti imekufa? Hapa nijishitaki mwenyewe, maana hili nililikoroga mimi. Nilimtengenezea mteja websaiti, ukurasa wa mbele una bango la tangazo lenye alama ya kulifunga, ukurasa mwingine una fomu. Nikaweka skripti zote kwenye faili moja, `main.js`, inayotumika kurasa zote. Mstari wa 12 ulikuwa unashughulika na ile alama ya kufunga bango:

```js
document.getElementById('funga').addEventListener('click', ficha);
```

Na huko chini, mstari wa 40 na kitu, ndipo palikuwa na kazi ya kufungua kitufe cha fomu. Nilijaribu ukurasa wa mbele, bango linafunga vizuri, nikalala. Asubuhi mteja anapiga simu, fomu nzima imefifia kwa watu wote. Nafungua Console:

```
Uncaught TypeError: Cannot read properties of null (reading 'addEventListener')
    at main.js:12
```

Tafsiri yake ni hii. Umeniambia nikatafute kitu kinaitwa funga, kwenye ukurasa huu hakipo, nimerudi mikono mitupu, na bado unataka nikishike. Ukurasa wa fomu haukuwa na bango! Na JavaScript ikigonga kosa namna hiyo haiuruki mstari na kuendelea, inasimama. Kila kilichokuwa chini ya mstari wa 12 kwenye faili lile hakikutekelezwa, pamoja na kazi ya kufungua kitufe. Bango la tangazo limeua fomu, na havina undugu wowote. Kwa hiyo ukiona kitu chekundu Console usiseme hiki hakihusiani na kitufe changu. Angalia jina la faili na namba ya mstari, halafu jiulize ni nini kimeandikwa chini yake.

Kufanana na hilo kuna lile la `$ is not defined`. Hili mara nyingi lina maana faili la jQuery, skripti ya watu wengine ambayo skripti za fomu zinaitegemea, halijafika, websaiti inalivuta kutoka seva nyingine ya mbali, na mtandao wa pale steshenari umelikosa. Hapa ndiyo mtandao unaweza kuhusika kweli, na hapa kurifreshi kunasaidia. Ila mkumbuke kukopi maelezo marefu kwenye notipadi kabla ya kurifreshi, nimeona watu wakilia.

Kuna kufifia kwa tatu, baada ya kubonyeza. Madevelopa wanaogopa mtu asibonyeze mara mbili akatuma mara mbili, kwa hiyo kitufe kinajifunga mara tu ukibonyeza na kuandika Inatuma. Wazo zuri. Ila mtandao ukikatika katikati hakuna aliyeandika mstari wa kukifungua tena, kinabaki Inatuma mpaka kesho. Na Firefox ina tabia yake hapa, ukirifreshi kawaida inakumbuka kwamba kitufe kilikuwa kimefungwa, inakurudishia kikiwa kimefungwa vile vile. Fungua ukurasa upya kwenye tabu nyingine, lakini kabla hujatuma tena kagua kwanza barua pepe au akaunti ya mteja, inawezekana ya kwanza ilifika ni majibu tu ndiyo hayakurudi.

Kuna kaka pale ananyoosha mkono, najua anachotaka kusema, kwamba unabofya kulia, Inspect, unafuta `disabled`, unabonyeza, maisha yanaendelea. Ndiyo, najua, nimefanya. Wakati mwingine inakubali. Ila jua unachofanya. Kama kitufe kilikuwa kinasubiri namba ya NIDA sahihi, umekilazimisha kutuma namba mbovu. Seva nzuri itakataa, na hapo hujapoteza kitu. Seva mbaya itapokea, itakupa na namba ya maombi, na mtoto wa watu atakuja kukosa chuo kwa sababu taarifa zake ni nusu. Mimi msimamo wangu ni kwamba kuondoa `required` kwenye boksi lililofichwa ambalo kweli halimhusu mteja, kama ile pasi, hilo nafanya bila wasiwasi, maana ndicho hata mwenye fomu alichokusudia. Kufungua kitufe ambacho sijui kinasubiri nini, sifanyi kwa fomu ya mtu mwingine.

Sasa vijana wa kodi, dakika zangu zinaisha, ile fomu ya pasi mngeitengeneza vipi? Badala ya `div` weka `fieldset`, kwa sababu `fieldset` ukiifunga, kila kilichomo ndani kinafungwa nayo, hakikaguliwi na hakitumwi:

```html
<fieldset id="boksi" hidden disabled>
  <input name="namba_pasi" required>
</fieldset>
```

```js
function panga() {
  const nje = uraia.value === 'NJE';
  boksi.hidden = !nje;
  boksi.disabled = !nje;
}
uraia.addEventListener('change', panga);
window.addEventListener('pageshow', panga);
panga();
```

Huo mstari wa mwisho, `panga()` peke yake, ndio uliokosekana kwenye ile fomu ya chuo. Unaipanga fomu mara moja ukurasa unapofunguka, bila kumsubiri mtu aguse kitu. Ile ya `pageshow` ni kwa ajili ya mtu aliyerudi nyuma na brauza ikamrudishia majibu yake ya zamani. Mtaona pia kwamba kuficha na kufunga nimeviendesha pamoja kutoka sehemu moja, `hidden` na `disabled` zinafuatana, haiwezekani kimoja kikasahaulika. Na mkiweka staili ya `display` kwenye ile `fieldset`, itaishinda `hidden` na boksi litaonekana, kwa hiyo iacheni.

Na hicho kitufe, mimi nimeacha kabisa kukianzisha kikiwa kimefifia. Kiacheni hai. Mtu akibonyeza mapema, brauza itamwonyesha penye pengo, au mwandikie nyie kwa Kiswahili kwamba namba ya NIDA haijafika tarakimu 20. Kitufe kilichofifia hakijui kuongea. Na mkijaribu fomu zenu msijaribu kama mwenye nyumba anayefungua kila mlango. Fungua ukurasa upya, jaza yale tu ambayo mteja angejaza, yaliyo na jibu tayari yaache, bonyeza. Yule aliyetengeneza fomu ya chuo nina uhakika alijaribu, ila alijaribu kwa kubadilisha uraia aone kama boksi linatokea na kupotea, na kwa kufanya hivyo alilitibu kosa kabla hajaliona.

Swali la simu ameniuliza dada hapo, na ni la haki maana wateja wengi wanakuja wameshakwama kwenye simu. Kwenye simu ya Android Chrome haina Console ya kufungua. Ukiwa na kompyuta na waya wa USB, washa USB debugging kwenye simu ya Android, chomeka, halafu kwenye Chrome ya kompyuta andika `chrome://inspect` utaona tabu za ile simu na utafungua Console yake. Ila kwa steshenari hiyo ni safari ndefu, fungua tu fomu hiyo hiyo kwenye kompyuta. Kama anatumia Opera Mini kwenye ile hali ya kubana data sana, mwambie atoke huko kwanza, kule ukurasa unapikwa kwenye seva zao na skripti nyingi hazifanyi kazi kama kawaida.

Mwisho, yule wa chuo nilimwandikia. Barua pepe ya watu wa ICT ilikuwa chini ya ukurasa. Sikuandika fomu yenu haifanyi kazi, maana hiyo wanapata hamsini kwa siku na wanajibu mtandao. Niliandika hatua: fungua fomu upya, usiguse uraia, jaza mengine yote, bonyeza Tuma. Nikaweka skrinshoti ya Console yenye ile `namba_pasi`. Hawakunijibu. Ila wiki iliyofuata, dirisha la pili la maombi lilipofunguliwa, niliingia kwenye ile fomu, nikaacha uraia kama ulivyo, nikabonyeza Tuma nikiwa sijajaza kitu hata kimoja, ikanirudisha juu kwenye jina la kwanza. Nikajaza jina, ikanirudisha kwenye tarehe. Nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka boksi la mwisho, na pasi haikuulizwa tena.